Makunyanzi ya Heshima: Siasa na Nasaba katika Sanamu za Waroma

Katika jumba la makumbusho la Centrale Montemartini mjini Roma, jengo ambalo zamani lilikuwa kituo cha kufua umeme, imesimama sanamu ya marumaru ya mwanamume aliyevaa toga, lile vazi refu la mikunjo lililokuwa alama ya raia wa Roma. Kila mkono wake umebeba kichwa cha mtu. Mgeni asiyejua hushtuka, akadhani ameona mchinjaji na mateka wake. Akisogea karibu anaona kwamba vichwa vile ni sanamu za kichwa na shingo, tena vinafanana kwa mbali, kama watu wa damu moja. Kimoja kina mtindo wa miaka ya 50 hadi 40 KK. Kingine ni cha kizazi kilichofuata. Wengi huwaita babu na baba wa huyo anayewabeba.

Wataalamu huiita sanamu hiyo Togato wa Barberini, kwa jina la ukoo wa Kiitalia uliowahi kuimiliki. Ilichongwa mwishoni mwa karne ya kwanza KK, na ina kasoro moja ya kusikitisha. Kichwa kilichopo juu ya mabega ya mwanamume huyo si chake. Ni cha kale kweli, lakini ni cha mtu mwingine, na kilipachikwa na mafundi wa karne za baadaye baada ya kichwa cha asili kupotea. Aliyelipa fedha ili akumbukwe kwa sura za wazee wake amepoteza ya kwake.

Kwa nini mtu mwenye uwezo wa kuchongwa akiwa juu ya farasi au na upanga mkononi achague kuchongwa amebeba vichwa vya wazee? Jibu lilikuwa ndani ya kabati la nyumbani.

Kabati la wahenga

Ukiingia katika nyumba ya ukoo mkubwa wa Kiroma wakati wa Jamhuri, yaani kabla ya utawala wa makaisari, ulipokewa katika ukumbi wa mbele uliokuwa wazi kwa wageni. Hapo palikuwa na makabati ya mbao, na ndani ya kila kabati sura ya mzee mmoja wa ukoo iliyofinyangwa kwa nta na kupakwa rangi. Waroma waliziita *imagines*, maana yake sura tu. Chini yake yaliandikwa majina na vyeo vya mwenye sura. Plinio Mzee, mwandishi aliyefariki mwaka 79 BK wakati mlima Vesuvio ulipolipuka, anaeleza pia kwamba mistari ilichorwa kuunganisha picha za wazee hao, ikawa ramani ya nasaba ukutani.

Si kila marehemu aliyepata kabati. Alihesabiwa yule tu aliyekuwa ameshika madaraka makubwa ya dola, kuanzia wale mahakimu waliosimamia masoko na michezo ya umma hadi konsuli, kiongozi wa juu aliyechaguliwa kwa mwaka mmoja. Baba angeweza kuwa tajiri, mkarimu na mcha Mungu, lakini kama hakushika cheo cha kiwango hicho, sura yake haikuingia ukumbini. Kwa hiyo mgeni aliyesimama mlangoni aliweza kuhesabu makabati na kujua uzito wa nyumba aliyoingia kabla mwenyeji hajafungua kinywa.

Nguvu ya sura hizo ilionekana zaidi siku ya mazishi. Tunayajua hayo kwa sababu ya Polibio, Mgiriki aliyepelekwa Roma mwaka 167 KK akiwa mateka wa heshima, akakaa huko miaka mingi na kuandika aliyoyaona. Mtu mkubwa alipofariki, ukoo ulitafuta wanaume waliolingana na wazee kwa kimo na umbo, ukawavalisha vinyago vya nta na nguo za vyeo vyao: toga yenye pindo la zambarau kwa konsuli, toga ya zambarau tupu kwa aliyewahi kuwa sensa, na iliyotariziwa dhahabu kwa aliyewahi kusherehekea ushindi vitani. Walipanda magari ya farasi, wakatanguliwa na watu waliobeba alama za mamlaka, hadi kwenye jukwaa la hotuba katikati ya jiji. Hapo waliketi kwa safu kwenye viti vya pembe za ndovu. Kisha mtoto wa marehemu alisimama kumsifu baba yake, na alipomaliza akawataja waliokaa mmoja mmoja, kuanzia wa zamani zaidi.

Hebu fikiria wewe ni kijana mpiga kura umesimama kwenye umati ule. Mbele yako wameketi watu waliokufa miaka mia mbili iliyopita, wamevaa nguo za kazi zao, na kijana wa ukoo huo huo anazungumza kama mmoja wao. Mwaka ujao jina lake litakuwa kwenye orodha ya wagombea. Ingekuwa vigumu kwako kuamini kwamba mamlaka si urithi wake.

Julio Kaisari alilijua hilo vizuri. Mwaka 69 KK alipomzika shangazi yake Julia, alithubutu kuitoa hadharani sura ya Mario, mume wa marehemu. Mario alikuwa jemadari aliyependwa na watu wa kawaida, lakini mahasimu wake walipochukua madaraka walimtangaza adui wa dola, na tangu hapo sura yake haikuonekana. Baadhi ya watu walipiga kelele kupinga. Wengi zaidi walishangilia. Kaisari alikuwa bado kijana mwenye cheo kidogo, lakini siku hiyo jiji zima lilijua yuko upande gani.

Uhalisia uliochaguliwa

Nta haidumu, na hakuna hata kimoja cha vinyago vile vya kabatini kilichotufikia. Tulichonacho ni vichwa vya marumaru vilivyochongwa katika karne ya mwisho ya Jamhuri, na hivyo ndivyo vilivyowapa Waroma sifa ya kuchonga mtu alivyo. Mfano unaotajwa mara nyingi ni kichwa kilichopatikana Otricoli, kaskazini mwa Roma, ambacho sasa kimo katika mkusanyiko wa ukoo wa Torlonia. Ni mzee aliyebonyea mashavu kama mtu asiye na meno. Paji la uso limejaa mifereji, ngozi ya shingo imelegea, midomo imebanwa. Mchongaji hakumwonea haya.

Ni rahisi kusema kwamba hiyo ni picha ya kweli, kama iliyopigwa na kamera. Wapo waliodhani kuwa vichwa hivi vilinakiliwa moja kwa moja kutoka kwenye vinyago vilivyotolewa juu ya uso wa maiti kwa plasta. Lakini uso wa maiti hulegea, macho huzama, misuli huachia. Wazee hawa wa marumaru wamekaza taya, wamekunja nyusi, wanatazama mbele kama mtu anayesikiliza kesi. Ni watu hai walio kazini.

Tena ukivipanga vichwa ishirini vya aina hii kwenye meza moja, utagundua jambo ambalo kichwa kimoja hakiwezi kukuonyesha. Wazee hawa wamezeeka kwa namna moja. Mifereji inapita mahali pale pale, kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo. Wote wamenyoa ndevu, wote wana nywele fupi, na hakuna hata mmoja anayetabasamu. Waliochongwa wakiwa wanene au wachangamfu ni wachache mno. Kila mmoja ana pua yake na masikio yake, na hapo ndipo ulipo ufanano wa kweli, lakini uzee wenyewe umevaliwa kama sare.

Sababu yake ni ya kisiasa. Kwa sheria za Roma vyeo vilipandwa kwa ngazi, na kila ngazi ilikuwa na umri wake. Ili mtu awe konsuli alitakiwa awe amefikisha takriban miaka 42. Baraza lililoongoza dola liliitwa seneti, neno linalotokana na lile la wazee. Katika jamii ya namna hiyo kunyanzi ni cheti. Linasema: huyu amepigana, amehukumu, amekesha kwa ajili ya dola, mwaminini. Wafalme wa Kigiriki wa zama hizo walichongwa vijana, nywele zikipepea na macho yakitazama mbinguni. Mseneta wa Roma aliyechongwa na upara alikuwa pia anawaambia watu kwamba yeye si mfalme.

Wasio na babu

Uthibitisho mzuri kwamba sura ilikuwa hati ya hadhi unatoka kwa watu ambao hawakuwa na hadhi hiyo kwa kuzaliwa. Mtumwa hakuwa na baba mbele ya sheria ya Roma. Alipoachwa huru na bwana aliyekuwa raia, kwa taratibu rasmi, akawa raia na akachukua jina la ukoo wa bwana wake, lakini babu wa kumweka kabatini hakuwa naye. Alichoweza kufanya ni kuanza ukoo kwa sura yake mwenyewe.

Kando ya barabara zilizotoka Roma, ambako ndiko walikozika watu, yalijengwa makaburi yenye ubao wa jiwe mbele, na juu yake safu ya watu waliochongwa kuanzia kifuani kwenda juu, kama wanachungulia dirishani. Mmoja wa ubao huo uko katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Boston, nchini Marekani. Una watu watatu. Katikati ni Publio Gesio, amevaa dirii ya askari, uso wake umekauka na kukunjamana kama wa mseneta yeyote. Upande mmoja yuko mwanamke, Gesia Fausta, na upande wa pili kijana, Publio Gesio Primo.

Maandishi yaliyo chini yao ndiyo yanayotoa siri. Gesio ameandikwa kuwa mwana wa Publio, maana yake alizaliwa huru na ana baba wa kumtaja. Fausta na Primo, mahali ambapo jina la baba lingekaa, wana herufi inayosema wao waliachwa huru na Publio. Kwa hiyo mbele yetu wapo bwana na watu wawili waliokuwa watumwa nyumbani mwake. Kwa kuwa mtumwa hakuweza kuoa kisheria wala mtoto wake kuhesabiwa halali, yawezekana hawa ni mume, mke na mtoto wao aliyezaliwa kabla mama hajapata uhuru. Jiwe halisemi hivyo waziwazi. Linaonyesha tu watu watatu wakiwa bega kwa bega, wamevaa kiraia na kijeshi, na sura nzito zinazodai kuheshimiwa. Wale waliofungiwa nje ya kabati la nta walijitengenezea kabati la jiwe, wakaliweka njiani ambako kila mpita njia angeliona.

Kijana wa miaka sabini na tano

Kisha akaja mtu aliyeiondoa sare ile ya uzee. Augusto, mrithi wa Julio Kaisari, alizaliwa mwaka 63 KK na kufa mwaka 14 BK akikaribia kutimiza miaka 76. Katika sanamu zake hakuzeeka hata siku moja. Zaidi ya sura 200 zake zimesalia hadi leo, na nyingi zinamwonyesha kijana mtulivu mwenye uso laini, asiye na hasira wala furaha. Alikuwa ameshinda vita vya wenyewe kwa wenyewe na sasa alitaka dola itulie chini yake. Uso usiobadilika ulikuwa ahadi kwamba na mambo hayatabadilika.

Lakini watu wa Misri au Hispania, ambao hawakuwahi kumwona, walijuaje kuwa kijana huyu ni Augusto? Kwa nywele. Ukitazama juu ya paji la uso wake utaona vishungi viwili vimeachana kama mkia wa mbayuwayu, na pembeni yake vingine vimekaribiana kama ncha za koleo. Mpangilio huo unarudiwa katika kichwa baada ya kichwa, toka pembe moja ya dola hadi nyingine. Ndiyo maana watafiti wanaamini kwamba kielelezo kilitengenezwa Roma, nakala zake za plasta au udongo zikasambazwa majimboni, na mafundi wa huko wakanakili. Mchongaji angeweza kukosea kidevu. Vishungi alivihesabu.

Moja ya nakala hizo ilifika mbali kuliko Augusto alivyokusudia. Karibu mwaka 25 KK majeshi ya ufalme wa Kushi, katika nchi ambayo leo ni Sudani, yalishambulia ngome za Waroma kusini mwa Misri, na sanamu za Kaisari zikaangushwa. Mwaka 1910 mwanaakiolojia Mwingereza John Garstang alichimba Meroe, mji mkuu wa Kushi, akakuta kichwa cha shaba cha Augusto, kikubwa kuliko cha mtu wa kawaida, macho yake ya kioo na mawe bado yametumbua. Kilikuwa kimezikwa chini ya kizingiti cha hekalu la ushindi. Kila aliyeingia hekaluni alimkanyaga Kaisari kichwani. Leo kichwa hicho kiko Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, na mpangilio wa vishungi vyake ni ule ule. Wakushi walielewa barabara maana ya sanamu ile, na wakaijibu kwa lugha yake.

Patasi inapobadili utawala

Makunyanzi yalirudi mwaka 69 BK. Mwaka uliotangulia Kaisari Nero, wa mwisho katika ukoo wa Augusto, alijiua baada ya kuasiwa. Sanamu zake za mwisho zilimwonyesha mnene, shingo nene, nywele zimepangwa kwa mawimbi juu ya paji la uso. Baada ya mapigano ya wagombea, kiti kilichukuliwa na Vespasiano, jemadari wa miaka sitini hivi, mtoto wa mkusanya kodi kutoka mashambani. Hakuwa na damu ya Augusto, na hakujaribu kudanganya. Alichongwa na upara, macho madogo, mikunjo mizito na mdomo uliokazwa. Sura ile ya wazee wa Jamhuri, iliyokwisha kuachwa na makaisari, ilimpa ukoo ambao hakuzaliwa nao.

Marumaru nzuri ni ghali, na sanamu za Nero zilijaa kila mahali. Nyingi hazikutupwa. Zilichongwa upya zikawa Vespasiano, na kichwa kimoja cha namna hiyo, kilichopatikana Karthago katika Afrika ya Kaskazini, kiko pia London. Kazi hii ina sheria moja isiyokwepeka: jiwe huondolewa, haliongezwi. Unene wa Nero ulimpa fundi nyama ya kutosha ya kukata. Aliondoa mawimbi ya nywele akapata upara, akachimba mashavu akapata makunyanzi. Lakini kila patasi ilipopita, kichwa kilipungua.

Hapo ndipo mchunguzi anapomkamata. Masikio ni magumu kuchonga upya, hivyo mara nyingi huachwa, na juu ya uso uliopungua huonekana makubwa mno. Shingo hubaki nene kuliko kichwa kinavyohitaji. Ukitazama kwa upande, uso huwa bapa kama uliosukumwa ndani. Nyuma ya kichwa, mahali ambapo sanamu iliegemea ukuta na fundi hakuona haja ya kujisumbua, hubaki nywele ndefu ambazo mzee mwenye upara hakuwa nazo. Ukikutana na sanamu ya Kiroma katika makumbusho, usikubali kutosheka na uso. Zunguka nyuma.

Zunguka nyuma, na usiamini upesi jina lililoandikwa kwenye kibao. Sanamu nyingi zilipatikana bila maandishi yoyote, na pua zao nyingi ni za plasta au marumaru iliyoongezwa baadaye. Kwa makaisari tunasaidiwa na sarafu, ambazo zina sura ya upande pamoja na jina. Kwa wengine ni kukisia. Mwaka 2007 wapiga mbizi walitoa kichwa cha marumaru katika mto Rhone huko Arles, Ufaransa, na kikatangazwa kuwa ni Julio Kaisari alivyokuwa akiwa hai. Wataalamu wengine walikataa, wakisema ni mkubwa fulani wa mji ule aliyechongwa kwa mtindo wa wakati wake. Ubishi huo unatokana na sare ile ile tuliyoiona: kila mheshimiwa alitaka kufanana na waheshimiwa.

Kufuta sura nako kulikuwa adhabu ya dola. Mwaka 20 BK seneti ilimhukumu Piso, mseneta aliyekwisha kujiua, na moja ya adhabu zake ilikuwa kwamba sura yake isibebwe katika mazishi yoyote wala kuwekwa pamoja na za wazee wa ukoo wake. Hukumu hiyo iliandikwa kwenye bamba za shaba, na nakala zake zimepatikana Hispania.

Miaka miwili baadaye alifariki Junia, mwanamke mzee mwenye mali nyingi. Alikuwa mjane wa Kasio na dada wa Bruto, wale wawili walioongoza njama ya kumuua Julio Kaisari. Mwanahistoria Tasito anasimulia kwamba sura za koo ishirini tukufu zilitangulia jeneza lake, na za Bruto na Kasio hazikuwamo. Anaongeza kuwa hao wawili ndio walioonekana kuliko wote, kwa sababu sura zao hazikuonekana.